Somo: Kukadiria vipimo na dawa za malaria kwa kambi ya matibabu ya siku moja

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni kumhesabia kila mgonjwa dozi ya mtu mzima. Saa sita mchana dozi za watoto zimekwisha, za watu wazima zinarudi na maboksi yake.

Hatua ya 1: Hesabu homa. Tuseme mnatarajia wagonjwa 300. Fungua rejista ya zahanati ya jirani, mwezi kama huo mwaka jana, uone wangapi walikuja na homa. Ikiwa ni 3 katika kila 10, basi tarajia 90.

Hatua ya 2: Vipimo vinafuata homa, dawa zinafuata majibu. Kila mwenye homa hupimwa, hata kama hatakutwa na malaria. Kwa hiyo 90, ongeza asilimia 10 ya vitakavyoharibika, unapata 99: maboksi 4 ya vipimo 25. Kila kipimo kinataka jozi mpya ya glovu. Hapa angalieni sana: boksi lililoandikwa 100 lina glovu moja moja, yaani jozi 50. Chukua maboksi 2 kwa meza ya vipimo peke yake, na sanduku la kutupia sindano.

Hatua ya 3: Gawa kwa uzito. Rejista ikionyesha 4 katika kila 10 wanaopimwa wana malaria, unapata wagonjwa 36. Dawa mseto (artemetha na lumefantrini, 20/120) hutolewa mara 6 kwa siku 3, na idadi ya vidonge hufuata kilo:

kilo 5–14: watoto 16, vidonge 6 kila mmoja
kilo 15–24: watoto 8, vidonge 12
kilo 25–34: watoto 2, vidonge 18
kilo 35 na zaidi: watu 10, vidonge 24

Jumla ni vidonge 468. Kwa hesabu ya dozi ya mtu mzima ungenunua 864. Akiba ya asilimia 20 iwekwe kwa kila kundi, si kwenye jumla: dozi 20, 10, 3 na 12. Na mizani isisahaulike, maana bila kilo mgao huu hauna kazi.

MASWALI

Daktari, rejista ya zahanati haina uzito. Nifanyeje?
Tumia umri kukadiria wakati wa kuagiza tu. Siku ya kambi, kila mtoto apimwe uzito.

Vipi wagonjwa wa presha, niwaagizie vidonge 30 kila mmoja?
Waliokwisha kuanza dawa na zimewaishia, sawa. Mtu aliyepimwa mara moja akakutwa juu kidogo, bila dalili, mwandikie rufaa akapimwe tena. Ukimwanzishia dawa za mwezi mmoja na kambi ikaondoka, nani atamfuatilia? Kwa hiyo agiza fomu za rufaa za kutosha.

Vipimo tukiviacha ndani ya gari?
Hapana. Soma kiwango cha joto kwenye boksi. Gari lililofungwa juani hukipita upesi, na kipimo kilichoharibika kwa joto kinaweza kukosa malaria iliyopo.