Kurekebisha kodi iliyolipwa kabla na bili ya maji inayodaiwa, hesabu za 31 Desemba

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi lililofunguliwa Morogoro tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye nyumba alitaka kodi ya mwaka mzima mkononi, akalipwa Sh 3,600,000, na zote zikaandikwa kwenye gharama za kodi. Bili ya maji ya Desemba, Sh 46,000, ililetwa Januari. Hesabu zinafungwa 31 Desemba.

Hatua ya 1. Toa urari kwanza, kisha usome risiti moja moja. Usiangalie siku pesa ilipotoka, angalia inalipia miezi ipi. Kodi hii inaishia 30 Septemba 2025. Kwa mwezi ni Sh 300,000. Iliyotumika ni miezi mitatu, Sh 900,000. Miezi tisa iliyobaki, Sh 2,700,000, ni mali ya duka, kwa hiyo iondoe kwenye gharama:

Debiti: Kodi iliyolipwa kabla 2,700,000
Krediti: Gharama za kodi 2,700,000

Hatua ya 2. Tafuta huduma iliyokwisha kutumika lakini haijaandikwa popote. Bili zinazoletwa Januari ndizo zenye siri hiyo, kwa hiyo usifunge faili mapema. (Umeme wa LUKU hausumbui hapa, unalipia kabla ya kuwasha taa. Yuniti zilizobaki kwenye mita mimi huziacha, ni ndogo mno.)

Debiti: Gharama za maji 46,000
Krediti: Maji yanayodaiwa 46,000

Kwenye mizania, kodi iliyolipwa kabla inakaa upande wa mali za muda mfupi, na maji yanayodaiwa upande wa madeni ya muda mfupi.

Hatua ya 3. Jikague kabla ya kuendelea, maana ukigeuza debiti na krediti urari utalingana vilevile wala hautakushtua. Angalia gharama ya kodi baada ya rekebisho: lazima isome 900,000. Ukiikuta 6,300,000 umeandika kinyume. Duka haliwezi kuwa na gharama ya kodi kubwa kuliko pesa yote iliyolipwa. Rekebisho la kodi linapandisha faida, la maji linaishusha.

Hatua ya 4. Tarehe 1 Januari 2025 geuza maingizo yote mawili. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza. Kwa maji:

Debiti: Maji yanayodaiwa 46,000
Krediti: Gharama za maji 46,000

Gharama za maji zinaanza mwaka zikiwa na krediti ya 46,000, sura inayomtia mtu wasiwasi. Iache. Siku bili inapolipwa, unadebiti gharama za maji na kukrediti fedha taslimu kama kawaida, salio linarudi sifuri. Ukisahau kugeuza, maji yaleyale ya Desemba yatahesabiwa 2024, kisha tena 2025, na deni ambalo halipo litaendelea kukaa kwenye mizania.