Bango la karatasi nne za A4 kutoka ukurasa mmoja wa PDF

Mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba aliniletea orodha yake ya bei, ukurasa mmoja wa PDF, akitaka isomeke na mteja aliye ng'ambo ya njia. Hapa steshenari nina printa ya A4 tu, nayo inatosha.

Fungua faili kwa Adobe Acrobat Reader, bonyeza `Ctrl+P`, kisha chagua `Poster`. Kwenye `Overlap` weka milimita 10, na utie tiki kwenye `Cut marks`.

Sasa `Tile Scale`, ambako karatasi nyingi hupotea. Wengi huandika 200% kwa kuwa A4 nne zikipangwa ni A2. Lakini printa haifiki ukingoni. Yangu huacha milimita 5 nyeupe kila upande, kwa hiyo kwenye A4 ya milimita 210 kwa 297, wino unapata 200 kwa 287 tu. Karatasi mbili zinatoa upana wa 400, ukiondoa 10 za `Overlap` zinabaki 390, wakati bango la 200% linataka 420. Kinachobaki kinadai safu ya tatu, na kwa urefu ni vivyo hivyo: unajikuta na karatasi tisa, nyingine zina ukanda mwembamba tu wa maandishi. Orodha ya mama niliiweka 185%, yaani 389 kwa 549, ikaenea kwenye nne. Shusha asilimia polepole huku ukitazama picha ya mfano kwenye dirisha hilo hilo, mpaka mistari ioneshe karatasi nne.

Kabla ya kuprinti, vuta ukurasa kwenye skrini hadi 400%. Herufi zikibaki kali, endelea. Zikionekana vijiraba, basi ukurasa ni picha, mfano iliyopigwa kwa simu, na bango litatoka na ukungu; omba faili la asili.

Kuunga ndiko kunakotaka utulivu. Usikate kingo zote. Chukua karatasi ya kulia, ukate ukingo wake wa kushoto tu kwa wembe na rula ya chuma, ukiingia milimita 2 ndani ya wino ili weupe usibaki. Ya kushoto iache nzima: ukingo wake mweupe ndio ulimi wa kupakia gundi. Lalisha ya kulia juu yake na ufuate herufi iliyokatika katikati. Kwenye orodha ile nilitumia herufi D ya DAGAA. Tumbo lake lilipokaa sawa juu na chini, nikajua mstari umenyooka.

Tumia gundi ya stiki. Gundi ya maji hulowesha karatasi, ikajikunja, na wino wa maji ukachuja.

Unga jozi ya juu, kisha ya chini, halafu kata ukingo wa juu wa jozi ya chini na uilaze juu ya ile nyingine. Mwisho geuza bango, piga selotepu nyuma ya kila kiungo.