Safari ya kundi au ya kujipangia? Anza na siku halisi

Wengi hulinganisha bei ya tangazo la kampuni na nauli waliyoiona mtandaoni, kisha wanashangaa pesa imeishia wapi. Mimi hufanya hivi.

Hatua ya 1. Hakikisha una hiari. Kupanda Mlima Kilimanjaro, au kutembea Njia ya Inka kule Peru, huwezi bila kampuni au mwongozaji mwenye leseni. Hapo unachagua kampuni tu.

Hatua ya 2. Hesabu siku halisi. Siku ya kwanza ikiandikwa "kuwasili na kupumzika" na ya mwisho "kifungua kinywa na kuondoka", siku 7 zimebaki 5.

Hatua ya 3. Soma "bei haijumuishi" kabla ya yote. Tuseme tangazo ni dola 700. Ongeza chakula cha usiku 50 na bakshishi 50. Ukiwa peke yako kuna nyongeza ya chumba cha mtu mmoja, tuseme 120. Jumla 920, yaani 184 kwa kila siku halisi.

Hatua ya 4. Sasa jipangie safari ileile. Gari na dereva siku 5 ni 450, chumba usiku 6 ni 240, chakula 120, viingilio 60. Jumla 870. Umeokoa 50, na kwa hiyo 50 unabeba kazi yote ya kutafuta, kulipia na kufuatilia. Mimi hapo ningeingia kwenye kundi bila kujiuliza mara mbili. Lakini mkiwa wawili, gari na chumba vinagawanyika: kila mmoja 525, wakati kundi, bila ile nyongeza ya chumba, ni 800. Hapo hadithi imegeuka.

Hatua ya 5. Uhuru utauona kwenye vitenzi vya ratiba. "Kupita" maana yake dirishani. "Kusimama" ni picha na choo. "Kuingia" ndiyo ziara yenyewe. (Na "kutembelea mafundi" mara nyingi ni duka.)

Maswali

*Mwalimu, nikiugua katikati ya safari, kundi si salama zaidi?*
Kwa saa za mwanzo, ndiyo: yupo anayejua hospitali na lugha ya pale. Lakini basi halitakusubiri, kundi litaendelea kesho yake. Bima yenye gharama za matibabu na kusafirishwa mgonjwa unaihitaji kote kuwili.

*Naweza kuchanganya?*
Ndiyo, dada. Jipangie mjini, halafu lipia mwongozaji wa siku moja au mbili pale penye njia ngumu au usafiri wa shida.

*Nimelipa amana ya kundi. Ninunue tiketi ya ndege?*
Bado. Tafuta kwenye masharti "idadi ya chini ya wasafiri". Isipotimia, kampuni inaweza kufuta safari na kukurudishia amana, lakini tiketi isiyorudishwa inabaki mzigo wako. Subiri wakuandikie kwamba safari imethibitishwa.