SOMO: Jinsi ya kugundua rivyu zilizoandikwa na mashine kabla hujalipia bidhaa onlaini

Wakuu habari za saa hizi. Hili somo nimeliandika kwa sababu naona watu wengi bado wananunua kwa kuangalia wastani wa nyota tu, 4.8 basi wanalipa, wakati siku hizi kuandika rivyu hamsini ni kazi ya dakika chache, muuzaji anaiambia tu programu ya akili bandia ibadilishe badilishe maneno. Mwaka 2023 kule Amazon zilionekana rivyu zinaanza kabisa na "As an AI language model", programu inajitaja yenyewe kuwa ni akili bandia, yaani aliyebandika hata hakusoma alichobandika. Wa sasa hawafanyi kosa hilo, so inabidi tuangalie vitu vingine.

Kwanza tuelewane, swali sio "hii imeandikwa na mashine?" Kuna mteja wa kweli kabisa ambaye anaomba programu imnyooshee lugha, huyo sio tapeli. Swali ni je, aliyeandika alishawahi kukishika hiki kitu?

Tuchukue mfano wa pawabenki ya 20,000 mAh, tangazo linasema nyembamba, inachaji haraka, inajaza simu mara 4.

HATUA YA 1: Angalia tarehe kabla hujasoma neno lolote.
Panga rivyu kuanzia mpya zaidi, halafu shuka mpaka ya kwanza kabisa. Kwa mfano wetu, bidhaa imewekwa sokoni tarehe 3, tarehe 5 na 6 zimeingia rivyu 31 zote nyota tano, halafu kimyaaa, kuanzia tarehe 19 ndo zinaanza kudondoka moja moja, nyota mbili, nyota moja, nne, moja. Hao wa kuanzia tarehe 19 ndo wanunuzi.

Ila msikimbilie kuhukumu, mkupuo peke yake sio ushahidi. Kukiwa na promo, mzigo unafika kwa watu wengi siku zinazokaribiana na apu inawatumia wote ujumbe wa kuomba maoni, lazima rivyu zije kwa pamoja. Tofauti ni kwamba mkupuo wa kweli una mchanganyiko, huyu analalamika boksi limebonyea, yule kaletewa rangi siyo, mwingine kaandika "ok" tu akaondoka. Mkupuo wa kupikwa wote wana furaha, na wote wameandika aya nzima.

Kitu kingine kwenye tarehe ni kulinganisha na wanachosema. Mtu anaandika tarehe 5 "nimeitumia kwa wiki tatu sasa" na bidhaa imewekwa tarehe 3. Amazon wanaandika "Date First Available" chini kwenye maelezo ya bidhaa, kwingine tumia tarehe ya rivyu ya kwanza kama makadirio. Inawezekana aliinunua duka lingine, sawa, lakini wakiwa sita wote na wiki zao tatu hapo hakuna cha kujitetea.

HATUA YA 2: Toa nyama, bakiza mifupa.
Watu wengi wanatafuta sentensi zilizofanana neno kwa neno na hawazipati, kwa sababu mashine inabadilisha maneno. Kinachobaki vilevile ni mpangilio. Soma hizi mbili:

"Nilikuwa na wasiwasi mwanzoni, lakini pawabenki hii imezidi matarajio yangu. Baada ya wiki tatu, bado inachaji haraka na muundo wake mwembamba unavutia. Napendekeza sana!"

"Mwanzoni nilisita kununua, ila nimeshangazwa na ubora wake. Nimeitumia wiki tatu na kasi ya kuchaji ni nzuri, pia ni nyembamba. Ninaipendekeza kwa kila mtu!"

Wasiwasi, mshangao, muda wa matumizi, sifa mbili za kwenye tangazo, pendekezo. Kopi rivyu kama kumi uzibandike kwenye noti za simu, kila moja andika pembeni inaenda wapi sentensi kwa sentensi. Watu kumi tofauti hawawezi kupita njia moja, kuna ataeanza na dereva aliyechelewa, kuna ataeishia katikati. Ukikuta sentensi inakutia shaka, iweke kwenye alama za nukuu uitafute Google, mara nyingine unaikuta ilivyo chini ya blenda au sabuni ya uso.

HATUA YA 3: Tafuta kitu ambacho hakipo kwenye tangazo.
Hii ndo naiamini kuliko zote. Wengi wanasema rivyu feki haina maelezo, si kweli, mashine ikipewa tangazo inatoa maelezo kibao. Ila yote yametoka kwenye tangazo.

Turudi kwenye pawabenki. Ile 20,000 mAh inahesabiwa kwa volti 3.7 za betri za ndani, ambayo ni kama 74 Wh, lakini inatoka kwa volti 5 au zaidi na njiani unapotea umeme, mwingine unapotea ndani ya simu. Kwa simu ya 5,000 mAh utapata mara 2 na nusu, ikiwa nzuri sana kama 3. Kwahiyo anayesema "imenijazia simu mara 4" na simu yake ni ya 5,000 hajaijaribu, amesoma boksi. Sasa soma hii:

"inajaza simu mara mbili na kidogo, waya wake mfupi mno, afu zile taa zinadanganya ikibaki moja ujue imekwisha"

Taa kudanganya hakuna tangazo litakalokwambia. Huyo anayo mkononi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Nuru: Asante kaka kwa somo. Mie nanunua Instagram, hakuna nyota, wanaweka skrinshoti za WhatsApp za wateja wanaoshukuru. Hizo nazipimaje?

Jibu: Dada, skrinshoti inatengenezwa kirahisi sana kwahiyo pima maneno kama hatua ya 3. Mteja wa kweli anaongea kuhusu oda yake, "ile ya bluu imefika ila bodaboda kaniongezea hela". Zikiwa zote ni shukrani ndefu zenye nukta na mkato sehemu sahihi, muombe muuzaji video ya mzigo wenyewe akitaja jina lako. Na angalia kama amefunga komenti.

Kijana wa Makambako: Mkuu kuna tovuti unabandika maandishi inakwambia asilimia ngapi ni AI, si rahisi kuliko kukaa kuhesabu mifupa?

Jibu: Kwa rivyu hazifai. OpenAI wenyewe walikuwa na kipimo chao, walisema hakiaminiki kwa maandishi chini ya herufi 1,000, na Julai 2023 wakakiondoa kwa sababu usahihi ulikuwa mdogo. Rivyu nyingi hazifiki hata herufi 300.

Fundi Simu: Mimi nina duka, nawaomba wateja waandike maoni, na wengine nawaandikia mfano wafuate. Zitaonekana feki?

Jibu: Kuomba sio shida, mfano ndo tatizo, wote watapita njia moja. Waulize swali badala yake, "simu ilikuwa na shida gani na sasa ikoje?" Na yule atakayesema ulichelewa siku mbili, muache pale pale, mjibu tu chini yake.