Ukiulizwa siri ya rafiki uso kwa uso

Shoga yako kakwambia ana mimba changa, halafu wifi yake anakubana jikoni: "Eti, ana mimba?" Usijibu "nimeambiwa nisiseme", hapo umeshasema. Ukikana, tumbo likitokea utaonekana mwongo. Mjibu papo hapo, kwa sauti yako ya kawaida: "Hayo muulize mwenyewe, dada. Mimi ya watu siyasemi." Kisha endelea kumenya vitunguu. Ila jibu hili linafaa ukilitoa siku zote, hata pasipo na siri. Kama umezoea kusema "hapana, hana," leo kukwepa kwako ndiko kutakakomthibitishia. Akibana tena, rudia maneno yaleyale bila kuongeza sababu. Baadaye mtonye shoga yako kwamba anaulizwa, ajiandae na la kumjibu wifi yake.