Njano, bluu, bluu: kumfundisha mtoto wa miaka 5 ruwaza kwa shanga na makofi

Mama mmoja alinijia na uzi wa shanga ambao binti yake wa miaka 5 alikuwa ameutunga: njano, bluu, njano, bluu, mpaka mwisho wa uzi, bila kosa hata moja. "Mwalimu, huyu ruwaza ameshazielewa," akaniambia. Nikachukua uzi mwingine, nikatunga njano, bluu, bluu mara tatu, nikampa mtoto aendeleze. Akatunga njano, bluu, njano, bluu, na alikuwa na uhakika kabisa na kazi yake.

Nimeliona jambo hilo kwa watoto wengi mno. Mtoto anajua kupokezanisha rangi, kwamba ukiweka hii unafuatisha ile, lakini bado hajaona kwamba kuna kipande kizima kinachojirudia. Kuendeleza njano na bluu moja moja hakuhitaji kuona kipande. Inatosha kuangalia shanga ya mwisho na kuchukua rangi nyingine. Hesabu ya aljebra inaanzia pale mtoto anapoacha kutazama shanga moja moja na kuanza kutazama kipande. Hivi ndivyo nilivyokwenda na binti huyo, dakika kumi kumi kwa siku, kwa muda wa wiki mbili hivi.

Hatua ya 1: Vifaa

Chukua shanga kubwa za mbao zenye tundu pana, zote za umbo moja na ukubwa mmoja, rangi mbili tu. Shanga za maumbo mchanganyiko ni nzuri kwa kuchezea, lakini kwa kazi hii zinaharibu: wewe unafuata rangi, mtoto anafuata umbo, na kila mmoja anaona mwenzake amekosea. Mimi hutumia njano na bluu, kamwe si nyekundu na kijani, kwa sababu wapo watoto, hasa wavulana, ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani, na wengi wao hakuna aliyewahi kugundua.

Kwa uzi, hakuna kinachoshinda kamba ya kiatu yenye ncha ngumu. Piga fundo mwisho mmoja. Njano 12 na bluu 24 zinatosha. Kama nyumbani kuna mdogo wake ambaye bado anatia kila kitu mdomoni, shanga zihesabiwe kabla na baada.

Hatua ya 2: Makofi kwanza

Piga kofi, piga paja, piga kofi, piga paja, naye aige. Akishaweza, nendeni kofi, paja, paja. Usimwambie kitu, piga tu mfululizo mpaka aingie nawe. Wengi huingia ndani ya dakika moja, hata wale wanaoshindwa kwenye shanga, kwa kuwa mwili unakumbuka mzunguko kabla macho hayajaugundua.

Hatua ya 3: Kuona kipande

Hapa ndipo kazi yote ilipo.

Tunga njano, bluu, bluu mara tatu kamili. Mara mbili hazitoshi, maana mtoto hana ushahidi wa kutosha kwamba kitu kinajirudia, na akibahatisha vingine hajakosea. Pia hakikisha mfano wako unaishia mwisho wa kipande. Ukiishia katikati, yaani njano, bluu, bluu, njano, bluu, kisha ukauliza "inafuata nini?", umemwongezea kazi ya kukamilisha kipande kabla hajajua kipande ni kipi.

Sasa, acha kuimba rangi. Najua walimu wengi hufundisha hivyo, na mimi nilifanya hivyo kwa miaka. Mtoto anaimba "njano bluu bluu, njano bluu bluu", anatunga vizuri kwa kufuata wimbo, na wewe unaridhika. Mkatishe katikati ya wimbo umwulize kipande kinachojirudia kiko wapi. Atakuonyesha uzi mzima, au shanga moja. Wimbo umefanya kazi aliyopaswa kuifanya yeye.

Kilichomsaidia binti yule ni kukitenga kipande kwa mkono. Nilikata nyaya laini fupi, zile zinazopindika kwa vidole, nikapinda ncha moja ya kila waya ili shanga zisitoke. Kila waya nilimwekea njano, bluu, bluu. Sasa kipande kilikuwa kitu kimoja anachoweza kukishika. Nikamwomba apange nyaya nne mezani zikifuatana, kisha ahamishie shanga kwenye kamba, waya mmoja baada ya mwingine.

Angalia sana upande. Waya ukigeuzwa, kipande kinakuwa bluu, bluu, njano. Binti aligeuza wa tatu, na kwenye kamba zikatokea bluu nne, njano mbili, bluu mbili. Sikumsahihisha. Alizitazama, akapitisha kidole toka mwanzo, akasimama kwenye njano mbili zilizogusana na kusema, "Hapa pameharibika." Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona kosa mwenyewe, kwa hiyo siku hizi mimi huuweka waya mmoja kinyume kwa makusudi.

Utajuaje kwamba amekiona kipande kweli? Kuendeleza si kipimo kizuri, kwa kuwa anaweza kuchungulia nyuma na kunakili. Mimi hufunika. Mwonyeshe uzi wenye vipande vitatu kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, ufunike kwa kitambaa, umwambie atunge unaofanana nao. Akifaulu, huenda ni kumbukumbu tu. Basi siku inayofuata mwonyeshe uzi wa vipande sita, yaani shanga 18, kwa muda uleule. Anayekariri shanga moja moja atakwama baada ya nne au tano. Aliyekiona kipande hasumbuliwi na urefu. Atatunga kipande chake na kukirudia, labda akikosea idadi tu, na idadi hapa si neno.

Na ukimwomba akuonyeshe kipande, naye akaweka vidole kwenye bluu, bluu, njano katikati ya uzi, usimkatalie haraka. Muulize, "Na hii njano ya mwanzoni?" Akisema imebaki peke yake mlangoni, au neno la namna hiyo, yuko sahihi. Ameanza kuhesabu toka mahali pengine, lakini mzunguko ni uleule.

Hatua ya 4: Toka shanga kwenda makofi

Weka uzi wa njano, bluu, bluu mezani, umwambie aupige kwa makofi na mapaja. Usimwambie njano ni kofi. Achague mwenyewe, kwa sababu kuamua kwamba kitu hiki kitasimama mahali pa kile ndiyo aljebra yenyewe. Herufi atakazokutana nazo miaka ya mbele zinafanya kazi hiyohiyo. Binti alichagua njano iwe paja. Vema kabisa.

Kisha geuza mchezo: piga wewe, naye achague ni uzi upi unaopigwa kati ya nyuzi mbili. Hapa kuna mtego ulionipotezea siku nzima mara ya kwanza, tena nikamkosoa mtoto aliyekuwa sahihi. Nilipiga kofi, paja, paja bila kusimama. Mbele yake kulikuwa na uzi wa njano, bluu, bluu na uzi wa njano, njano, bluu. Akachagua wa pili. Nikasema hapana. Akang'ang'ania, akauchukua uzi, akaanzia kwenye bluu ya kwanza: bluu ni kofi, njano ni paja, njano ni paja. Ilikuwa sawasawa.

Njano, njano, bluu na njano, bluu, bluu ni mpangilio mmoja, ukiruhusu majina kubadilishana na mahali pa kuanzia kusogea. Na sauti inayozunguka haina mwanzo; ukishaingia, hakuna anayejua ilianzia wapi. Kwa hiyo uzi wa pili uwe wa umbo tofauti kweli: njano, bluu moja moja, au njano mbili na bluu mbili. Hizo haziwezi kugeuka kuwa kofi, paja, paja hata ukianzia popote. Zile mbili zinazofanana nazitunza kwa ajili ya mtoto aliyekwisha kuweza, nazipanga zote mbili mezani na kumwomba anieleze kwa nini makofi yangu yanaingia kote.

Jambo moja zaidi. Watoto wengi wakipiga huweka kituo kidogo mwisho wa kipande: kofi, paja, paja... kofi, paja, paja. Usiwaharakishe. Kile kituo ni mtoto anakwambia kipande chake kinaishia wapi.

Hatua ya 5: Kikombe

Funika shanga moja ya uzi kwa kikombe, aseme ni rangi gani. Anza na ya katikati, kisha iliyo karibu na mwisho. Ukifunika mbili zinazofuatana, muulize alijuaje. Jibu ninalolisubiri ni "kwa sababu njano hii inazo bluu zake", si "nimeona tu".

Hatua ya 6: Kuvaa mkononi

Nilimpa binti shanga 10 za njano, bluu, bluu zikiwa zimekwisha tungwa, nikaunganisha ncha za kamba ziwe bangili. Nikamwambia aizungushe mkononi na kunionyesha kama pana mahali pameharibika. Kwenye fundo, njano ya 10 ilikuwa imegusana na njano ya kwanza.

Akaishika ile njano kwa vidole viwili. "Mwalimu, hii haina bluu zake," akasema, akanyoosha mkono kwenye kisahani na kuchukua mbili. Nikafungua fundo, akazitia, nikafunga tena. Zikawa 12, na mduara ukazunguka bila kukatika. Kabla hajaivua nikamuuliza, nikimpa njano 5, atahitaji bluu ngapi. Hakuwa anajua kuzidisha. Alipanga njano tano mezani, akawekea kila moja bluu zake mbili, akahesabu bluu peke yake kwa kidole: 10.