Somo: Slaidi za kuomba radhi oda zinapochelewa

Tuchukue mfano wa duka la dagaa pale Kirumba, Mwanza, linalotuma mizigo Dar kwa basi. Wateja walilipa, wakaahidiwa Ijumaa, Ijumaa ikapita kimya. Slaidi tano kwenye posti moja ya Insta zinatosha, ukubwa pikseli 1080 kwa 1350. Ila kwanza mpigie kila anayesubiri. Haipendezi mtu ajue habari za mzigo wake Insta, pamoja na wapita njia.

Slaidi ya 1: "Dagaa wenu wa Ijumaa hawakutoka Mwanza. Tunaomba radhi." Usianze na "Taarifa kwa wateja wetu wapendwa", hiyo watu wanaipita.

Slaidi ya 2 ijitegemee, kwa sababu aliyeipita ya kwanza, Insta inaweza kumrudishia posti ikianzia hapa. Sema nani anahusika na mzigo wake uko wapi: "Uliyelipa Jumatatu hadi Jumatano, mzigo wako unapakiwa Nyegezi Jumanne."

Slaidi ya 3, kilichotokea, ndiyo huwashinda wengi. Wanaandika "mvua ilinyesha, dagaa hawakukauka" wanaishia hapo. Ni kweli, dagaa aliyenyeshewa kwenye kichanja huharibika upesi. Lakini mvua Mwanza si ngeni. Hata mbalamwezi inajulikana: ikiwaka sana, taa za wavuvi hazivuti dagaa na mitumbwi mingi hupumzika. Mteja mzaliwa wa Ukerewe atakuuliza, sasa pesa yangu ulipokea ya nini? Basi andika uamuzi wa duka: "Tulipokea pesa za dagaa waliokuwa bado kichanjani. Mvua ilipowaharibu hatukuwa na akiba, na hatukuwaambia mapema." Mvua ibaki, ila isibebe lawama yote.

Slaidi ya 4 iwe na mabadiliko ambayo mteja anaweza kuyakagua mwenyewe: "Tunapokea oda za dagaa waliokwisha kukauka na kuingia stoo tu. Picha ya risiti ya basi utaipata siku ileile ya kupakia." Ile "tutaboresha huduma" ifute, haina cha kukagua.

Slaidi ya 5: kusubiri au kurudishiwa pesa, namba ya kupiga, na siku pesa itakapoingia. Ongeza na ya kutolea. Aliyelipa 50,000 akibaki na pungufu baada ya makato, hujamrudishia.

Maswali

*Aliyechelewesha ni mkaushaji wangu. Nimtaje?*
Hapana dada. Mteja alikulipa wewe, mkaushaji hamjui.

*Niweke na ofa humo humo?*
Usiweke kaka. Anayedai mzigo akiona ofa atadhani unatafuta oda nyingine. Wapelekee waliocheleweshewa peke yao, baada ya mizigo kufika.

*Nifunge maoni?*
Acha wazi. Jibu kila mmoja kwa ufupi, "nimekuandikia inboksi", na uwe umeandika kweli. Namba za simu na za mizigo zisitajwe hadharani.

*Posti naifuta lini?*
Usiifute. Ibandike juu ya ukurasa hadi mzigo wa mwisho upokelewe, kisha ibandue ibaki na posti nyingine, na kwenye maelezo uongeze tarehe uliyomaliza.